Mtoto ana miezi 8: nichukue unga upi wa buyi?

*Mama mshauri, jambo. Niko Kadutu hapa Bukavu. Mtoto wangu wa kiume ana miezi 8, ananyonya, na tangu alipofikisha miezi 6 ninamupa buyi ya masoso, ule unga wa mahindi, soya na sorgo, kutoka mashine ya kusaga ya karibu na kwetu. Siku ya kupima uzito muuguzi alisema kilo ziko sawa, ila viganja vya mtoto vimepauka, nitafute unga wenye madini ya chuma. Nimepata aina mbili. Wa kwanza ni kisanduku cha gramu 400, dola 6, chenye picha ya mtoto mnene na maneno makubwa: "Chuma, kalisi na vitamini 10". Etiketi yake: unga wa ngano, sukari, maltodekstrini, mafuta ya mawese, maziwa ya unga, asali, madini (kalisi, pirofosfati ya chuma, zinki), vitamini, ladha ya vanila. Protini gramu 10, chuma miligramu 7.5. Pembeni wameandika "kuanzia miezi 12", lakini mwenye duka akasema hiyo ni ya wazungu tu. Wa pili ni mufuko wa gramu 500, dola 2 na nusu, hauna picha: mahindi, soya iliyokaangwa 25%, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya soya, madini (fumarati ya chuma, zinki, kalisi), vitamini A, C, D na za kundi B. Protini gramu 15, chuma miligramu 12. "Kuanzia miezi 6, upikwe dakika 10." Mama mkwe anasema masoso inatosha, ndiyo iliwalea wote. Kisanduku nimeshakinunua na kukifungua. Nifanye nini?*

*Mama wa Kadutu*

Dada yangu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeninakilia etiketi nzima. Kwa hiyo nakujibu kwa maandishi hayo hayo uliyoyanakili, na picha ya mtoto mnene tuiache dukani.

Tuanze na miezi 12, maana hapo kisanduku kinaanguka kabla hata hatujafika kwenye chuma. Mwenye duka amekudanganya, labda bila kujua. Ndani ya unga huo kuna asali, na mtoto hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ikiwa imechanganywa kwenye chakula. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholeta botulizimu. Tumbo la mtu mzima linazishinda mbegu hizo. Tumbo la mtoto mchanga bado halijakomaa, zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka mtoto anashindwa kunyonya au kupumua vizuri. Ugonjwa huo ni wa nadra, lakini mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida jikoni, kwa hiyo usifikiri maji ya moto yatakusaidia. Kama mwanao ameshakula buyi hiyo mara moja au mbili, usipoteze usingizi. Acha tu kumupa, na uangalie asije akafunga choo kwa siku kadhaa, akalegea shingo, akalia kwa sauti dhaifu au akashindwa kunyonya. Ukiona hayo, kimbilia kituo cha afya na useme wazi kwamba alikula asali.

Umri ulioandikwa kwenye etiketi si pambo. Kiwanda kinapoandika miezi 12 kinamfikiria mtoto anayekula sahani ya familia mara tatu kwa siku, ambaye buyi kwake ni kitu cha asubuhi tu. Wa kwako bado anaanza. Kwake buyi ni sehemu kubwa ya kila kitu kinachoingia tumboni ukiacha titi, kwa hiyo kila kijiko kinapaswa kubeba mengi zaidi.

Sasa soma orodha ya viungo kutoka kushoto kwenda kulia. Kanuni za Codex Alimentarius, zile za FAO na OMS, zinataka viungo viandikwe kwa kufuata uzito: kilichotiwa kingi ndicho cha kwanza, kilichotiwa kidogo ndicho cha mwisho. Kwenye kisanduku chako, kiungo cha pili ni sukari, kabla ya mafuta na kabla ya maziwa. Cha tatu ni maltodekstrini, ambayo ni wanga uliokatwakatwa mpaka ukawa karibu na sukari, na mwilini unageuka sukari haraka. Halafu chini kuna asali tena. Hii ni mbinu ya zamani: ukigawa kitu kitamu katika majina matatu, kila jina linashuka chini kwenye orodha, na mama anaona ngano tu pale mbele. Wewe yakusanye kichwani. Utaona kwamba ulinunua ngano na utamu, na maziwa kidogo juu yake.

Kwenye mufuko wa pili, kinachofuata mahindi ni soya, na wameandika kiasi chake, robo nzima ya unga. Mtu anayeandika asilimia kwa hiari yake mara nyingi hana la kuficha kwenye kiungo hicho. Angalia pia neno "iliyokaangwa". Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiua. Baada ya soya yanakuja maziwa, halafu sukari. Ningefurahi kama sukari isingekuwapo kabisa, lakini ikiwa ya nne, nyuma ya maziwa, siyo inayobeba unga huo.

Kuna mtego mmoja kwenye namba ulizoniandikia. Umesema kisanduku kina protini gramu 10. Kichukue tena na uangalie juu ya namba hiyo. Nina hakika karibu yote kwamba kuna safu mbili, moja ya gramu 100 za unga mkavu, nyingine ya buyi iliyokwisha kutengenezwa kwa maziwa. Unga wa ngano wenye sukari nyingi hivyo na maziwa machache haufiki protini 10 peke yake. Ni yale maziwa ya glasi ambayo wewe ungeyatia ndiyo yanayoijaza namba. Wewe unapika kwa maji, na hakuna ubaya maana mtoto ananyonya, lakini basi soma safu ya unga mkavu. Kama hapo utakuta 6 au 7, usishangae. Namba za mufuko wa pili nazo zihakikishe: lazima ziwe za gramu 100 za unga mkavu, vinginevyo tunalinganisha mbuzi na kamba.

Tuje kwenye chuma, ambacho ndicho muuguzi alikutuma kutafuta. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji karibu miligramu 11 za chuma kwa siku. Maziwa ya mama ni chakula kizuri mno lakini chuma chake ni kidogo sana, na ile akiba mtoto aliyotoka nayo tumboni inaisha kwenye miezi 6. Kwa hiyo karibu chuma chote lazima kitoke kijikoni kwako.

Lakini etiketi inazungumza juu ya gramu 100, na mtoto wa miezi 8 hawezi kula gramu 100 za unga kwa siku. Mtoto anayenyonya vizuri, kati ya miezi 6 na 8, anahitaji kama kilokalori 200 tu kutoka chakula kingine. Tuseme 160 zinatoka kwenye buyi, na zinazobaki ni nafasi ya kijiko cha maharage au kiazi kilichopondwa. Unga mzuri una karibu kilokalori 400 kwa gramu 100, basi kwa 160 unahitaji gramu 40: gramu 20 asubuhi, gramu 20 jioni. Gramu 20 ni vijiko viwili vya mezani vilivyojaa kidogo.

Fanya hesabu. Gramu 40 za kisanduku zina chuma miligramu 3. Gramu 40 za mufuko zina miligramu 4.8. Hakuna unaofika 11, na hilo nataka ulijue kabla hujamwaga pesa. Maneno makubwa ya kisanduku hayakuambia kwamba mtoto wako angepata chini ya theluthi.

Halafu kuna aina ya chuma, ambayo imejificha kwenye mabano, na nafurahi kwamba uliinakili. Chuma kwenye unga hakitiwi kikiwa kitupu, kinakuja kimeungana na kitu kingine. Fumarati ya chuma, ile ya mufuko wako, inayeyuka vizuri kwenye asidi ya tumbo na mwili unaichukua vizuri. Pirofosfati ya chuma, ile ya kisanduku, ni nyeupe, haibadilishi rangi wala ladha ya buyi, na ndiyo maana viwanda vinaipenda. Ila inayeyuka kwa shida, na sehemu yake kubwa inapita tu na kutoka kwenye kitambaa. Kwa hiyo zile miligramu 3 za kisanduku kwa kweli ni ndogo kuliko zinavyoonekana, na pengo kati ya unga huu na ule ni kubwa kuliko 3 kwa 4.8. Ukikuta etiketi imeandika "chuma" tu bila jina la pili, mimi huirudisha kwenye rafu kama kuna nyingine inayolitaja.

Na bei? Kwa gramu 40 kwa siku, kisanduku cha dola 6 kinaisha siku ya 10, yaani senti 60 kwa siku. Mufuko unafika siku 12 na nusu, senti 20 kwa siku. Umelipa mara tatu kwa chuma kidogo zaidi. Nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo hilo, tena kwa miezi minne, na wakati huo nilikuwa nimeshamaliza masomo ya uuguzi. Picha ya mtoto mnene ina nguvu.

Kwa hiyo chukua mufuko. Lakini kuna kazi mbili zinazobaki, maana unga mzuri unaweza kuharibiwa jikoni.

Ya kwanza ni upishi. Wameandika dakika 10, basi ni dakika 10 za kutokota, siyo kumimina maji ya termosi na kukoroga. Unga wa kupikwa si sawa na ule wa papo hapo, ambao kiwanda kimekwisha kuupika. Wanga wa mahindi mbichi ni mgumu kwa tumbo la mtoto kuusaga, na vijidudu vilivyoingia wakati wa kusaga vinabaki hai. Huku kwetu Bukavu tuko kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye digrii 95 tu, kwa hiyo usipunguze hata dakika moja. Koroga kwanza unga na maji baridi kidogo usifanye madonge, halafu ongeza maji: kwa gramu 20 za unga, mililita 100 hivi, chini kidogo ya nusu ya glasi ya kawaida, na ongeza tone kama linakauka sana. Ukimaliza, inamisha kijiko. Buyi inapaswa kukaa juu yake na kuanguka polepole. Ikitiririka kama chai, umemupa maji yenye rangi, na mtoto atashiba kabla hajapata hata nusu ya zile kilokalori tulizohesabu. Wanaotia buyi kwenye biberoni wanalazimika kuipunguza nguvu ili ipite kwenye tundu. Tumia kikombe na kijiko.

Ya pili ni vitamini C. Ni yenyewe inayomsaidia mtoto kukamata chuma cha mahindi na soya, kwa sababu nafaka hizo zina fitati, kitu kinachokifunga chuma kisitoke. Etiketi yako inasema vitamini C imo, lakini dakika 10 za moto zinaipunguza. Basi mwisho wa buyi mupe vijiko viwili vya papai bivu lililopondwa, au maji ya chungwa yaliyokamuliwa sasa hivi kwa mkono safi. Siyo ndani ya sufuria inayochemka, bali baada yake. Chai usimupe, hata ile ya maziwa anayolambishwa na watu wazima kwa upendo. Inafanya kinyume kabisa.

Miligramu zinazopungua zitafute kwenye ile nafasi tuliyobakiza kwa maharage au kiazi. Mara moja au mbili kwa wiki ini la kuku lililochemshwa na kupondwa, kiasi cha kijiko kimoja cha mezani, siyo zaidi, maana ini lina vitamini A nyingi. Siku nyingine sambaza zilizokauka bila chumvi, ukazisafisha, ukazisaga unga, na kutia kijiko cha chai katika maharage yaliyopondwa. Ziwa Kivu halikuwa na samaki hawa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijui tungewalea watoto vipi bila wao.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye, ana haki nusu. Masoso, mahindi na soya na sorgo, ni mchanganyiko mzuri wa protini, na kwa bei yake hauna mshindani. Kasoro yake ni kwamba hakuna kiwanda kilichouongezea chochote. Chuma kilichomo ni cha nafaka chenyewe, kimefungwa na ile fitati niliyoisema, na vitamini A karibu haimo. Mtoto wa miaka 2 anayekula sombe, samaki na matunda anaweza kuishi nayo vizuri. Mtoto wa miezi 8 anayekula vijiko vichache kwa siku hana mahali pengine pa kuokota kinachokosekana. Kama siku moja pesa za mufuko zinakosekana, rudi kwenye masoso bila aibu, ila uliza kwenye mashine kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa, angalia mahindi yasiwe na ukungu, tia kijiko cha chai cha mafuta mekundu ya mawese na ule unga wa sambaza. Wewe mwenyewe ukitaka kuinua zaidi, loweka sorgo usiku mmoja, iache ichipue siku mbili, ikaushe na kuikaanga kidogo, ondoa machipukizi kabla ya kusaga. Fitati inapungua, na buyi inakuwa laini bila kuongezwa maji.

Ukienda kununua mufuko wa pili, ununue uliofungwa kiwandani. Sokoni kuna wanaofungua magunia makubwa na kugawa kwenye sashe ndogo za plastiki. Zinavutia kwa sababu ni za franka chache, lakini umepoteza kila kitu tulichosoma hapa: orodha, umri, tarehe ya mwisho. Na unga uliokaa juani katika plastiki nyeupe vitamini zake zimekufa, hasa A na C, hata kama jana ulikuwa ndani ya gunia zuri. Nyumbani uweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko, na chota kwa kijiko kikavu.

Ila kuna jambo moja ambalo unga huu hautafanya. Viganja vilivyopauka vinaweza kuwa dalili kwamba damu imekwisha kupungua, na unga ulioongezewa chuma unazuia upungufu, hauutibu ukiwa umeshaingia. Rudi kwa muuguzi wiki hii, omba mtoto apimwe hemoglobini na malaria, maana malaria inakula damu haraka kuliko buyi inavyoijenga. Akiandikiwa siropu ya chuma, mupe kwa kipimo chake na uendelee na buyi. Mweleze tu muuguzi kwamba unga unaotumia tayari una chuma, na mpelekee mufuko auone. Na kama siku moja utabonyeza juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole na shimo likabaki, hiyo ni bwaki. Usichague unga tena, mpeleke siku hiyo hiyo, kuna chakula cha tiba kinachotolewa kituoni.

Mwezi ujao atafika miezi 9, na hesabu itabadilika. Atahitaji kama kilokalori 300 kutoka chakula, mara tatu au nne kwa siku. Unaweza kupanda hadi gramu 60 za unga, na hapo buyi peke yake itampa miligramu 7.2 za chuma.

Kisanduku ulichofungua usikitupe. Kama una mkubwa wa miaka 3 au 4, mtengenezee yeye asubuhi bila kuongeza sukari hata kidogo. Kama huna, kinywe wewe mwenyewe usiku ukinyonyesha. Dola 6 ni dola 6.